Viwango vya huduma na msafirishaji wa mizigo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msambazaji mwenye ghala Dar es Salaam, asiye na malori yake, anayeikodi kampuni ya usafirishaji kupeleka bidhaa kwa wateja wa jumla mikoani. Mfano unaotumika ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mafuta ya kula na sabuni zinazokwenda Morogoro, Dodoma, Iringa na Mbeya, jumla ya shehena 120 kwa mwezi. Shehena moja ni mzigo wa mteja mmoja wenye hati yake ya makabidhiano. Idadi na fedha za mfano ni za kufanyia hesabu tu, kwa hiyo weka za kwako.

Mkataba wetu unasema "mzigo utafikishwa kwa wakati." Hilo halitoshi?

Halitoshi, na utaligundua siku ya ugomvi. Msafirishaji atasema lori lilikuwa Dodoma tangu asubuhi. Mteja atasema alipokea mzigo kesho yake. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu lori lilifika likakaa nje ya geti hadi jioni, vibarua wakaondoka, likashushwa siku ya pili. Mkataba usiosema ni tukio lipi linalohesabika ndio unaoleta ubishi huo.

Kabla hamjafika kwenye asilimia, andikeni mambo matatu: saa inaanza kuhesabiwa wapi, inasimama wapi, na dirisha la kupokelea kila mkoa, yaani muda ambao lori linatakiwa liwe limefika, ni lipi. Yakishaandikwa hayo, mazungumzo ya asilimia huwa mepesi kuliko watu wanavyodhani. Yakiachwa, hata lengo la asilimia 99 halina maana, kwa kuwa kila upande utahesabu kivyake na kila upande utapata jibu unalolitaka.

Saa ianze wapi na isimame wapi?

Ianze pale msafirishaji anapokuwa na kila kitu mkononi: mzigo umepakiwa, turubai limefungwa, na dereva amekabidhiwa ankara na hati ya makabidhiano. Usiianzishe pale oda inapoingia kwenye mfumo wako, kwa sababu muda kati ya oda na kupakia ni wako. Lori likisubiri getini kwako saa tano kwa kuwa karani wa ghala hajamaliza kuchagua bidhaa, huo si ucheleweshaji wa msafirishaji.

Isimame lori linapofika getini kwa mteja na kuandikishwa, si linapomaliza kushusha. Wenye maghala wengi hawakubaliani na hili mara ya kwanza, kwa hoja kwamba mteja anataka mzigo ndani ya stoo na si lori nje. Hoja ni ya kweli, lakini kushusha kunategemea vibarua wa mteja, foleni ya mteja na nafasi ya mteja. Ukimpima msafirishaji kwa kitu asichokiendesha, atakuongezea bei ya kufidia hatari hiyo, au atatafuta visingizio, na vyote viwili utavilipia.

Dirisha la kupokelea liandikwe kwa mkoa. Kwenye mfano wetu, lori lililokabidhiwa hati kabla ya saa 12 jioni linatakiwa liwe Morogoro kesho yake kabla ya saa 5 asubuhi na Dodoma kesho hiyohiyo kabla ya saa 10 jioni. Iringa nayo ni kesho kabla ya saa 10 jioni. Mbeya, yenye zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar, ni keshokutwa kabla ya saa 10 jioni. Ndani ya jedwali la mkataba andikeni saa kwa mtindo wa 16:00, maana ndivyo ripoti ya jipiesi inavyotoka, na "saa 10" peke yake imewahi kusomwa na mtu wa uhasibu kuwa saa nne asubuhi.

Na lori likiwahi? Kwa duka la jumla la kawaida kuwahi si kosa. Kwa supamaketi yenye miadi ya kushusha, lori lililowahi saa tatu kabla linaweza kurudishwa, kwa hiyo kwa wateja wa namna hiyo wekeni mwanzo na mwisho wa dirisha.

Lengo la haki ni asilimia ngapi?

Anza na mlipo sasa. Chukua hati za makabidhiano za miezi mitatu iliyopita, linganisha tarehe na saa ya kufika na dirisha mlilokubaliana, uone msafirishaji huyu alifikisha kwa wakati shehena ngapi. Kazi hii inachosha, lakini bila hiyo unaokota namba hewani. Ikionekana yupo kwenye asilimia 88, kumdai 98 kuanzia mwezi ujao ni kumwomba akudanganye. Atasaini, kisha atajifunza kuhariri ripoti.

Ninachokiona kinafanya kazi ni ngazi: miezi mitatu ya kwanza mnapima tu bila kukatana fedha, miezi mitatu inayofuata lengo ni 92, kisha 95. Kupita hapo, kila pointi moja inayoongezeka ina gharama yake halisi, kwa maana ya lori la akiba, dereva wa pili, au lori kuondoka likiwa halijajaa. Muulize msafirishaji wazi: kutoka 95 kwenda 98 bei inapanda kiasi gani? Mara nyingi jibu lake litakufanya uridhike na 95 kwa sabuni, na ulipie 98 kwa wateja wawili watatu tu wanaokutoza wewe ukichelewa.

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Shehena zilizofika kwa wakati gawanya kwa shehena zote zinazohesabika, zidisha kwa 100. Ugumu uko kwenye neno "zinazohesabika."

Tuseme mwezi uliopita shehena 120 ziligawanyika hivi: Morogoro 60, Dodoma 30, Iringa 16, Mbeya 14. Zilizochelewa ni 9: Morogoro 1, Dodoma 2, Iringa 2, Mbeya 4. Kwa hesabu ya haraka, 111 kati ya 120 ni asilimia 92.5. Lengo likiwa 95, msafirishaji ameshindwa.

Yeye anakuja na maelezo. Ya Morogoro, mteja alikuwa amefunga duka. Moja ya Dodoma, ghala lako lilimaliza kupakia usiku wa manane. Moja ya Iringa na moja ya Mbeya zilikwama chini ya mlima Kitonga, ambako lori la watu wengine lilianguka na polisi wakafunga barabara. Mkiyakubali yote manne, yanatoka juu na chini ya hesabu: zilizobaki ni 116, zilizofika kwa wakati 111, sawa na asilimia 95.7. Sasa amefaulu.

Safari zilezile, mwezi uleule, na jibu limegeuka kwa sababu ya shehena nne. Ndiyo maana orodha ya visivyohesabiwa ina uzito kuliko lengo lenyewe, na inapaswa kuandikwa kabla ya kusaini, si kujadiliwa mwisho wa mwezi.

Kuna la pili hapo, na ndilo linalowapita wengi. Angalia Mbeya peke yake: ukitoa ile ya Kitonga, zinabaki 13, na 3 zimechelewa. Zilizofika kwa wakati ni asilimia 77. Wateja wako wa Mbeya wana haki ya kulalamika, huku ripoti ya jumla ikisema kila kitu kiko sawa, kwa kuwa Morogoro yenye shehena nyingi na barabara fupi imeubeba wastani. Msafirishaji mjanja analijua hili vizuri. Malori mazuri atayapanga pale penye shehena nyingi, na yale ya kusukuma atayapeleka mbali. Pimeni kila mkoa kivyake.

Lakini mkoa wenye shehena chache si utamuumiza? Moja tu ikichelewa, asilimia inaporomoka.

Ni kweli. Kwa shehena 14, kila moja ina uzito wa asilimia 7 hivi. Akichelewa moja yuko 93, tayari chini ya 95. Yaani lengo la 95 kwa Mbeya maana yake ni "usikosee kabisa," na hakuna aliyekusudia hivyo.

Kwa mikoa ya namna hii acheni asilimia, tumieni idadi: zisizidi shehena 1 iliyochelewa kwa mwezi. Njia nyingine ni kupima kwa miezi mitatu pamoja, ambayo kwa Mbeya ingekuwa shehena 42 hivi, lakini hapo tatizo la mwezi wa kwanza linakuja kuonekana mwezi wa tatu. Mimi nachukua idadi. Dereva anaielewa, mwenye lori anaielewa, na hakuna anayehitaji kikokotoo. Kama kipimo rahisi, mkoa wenye shehena chini ya 20 uwe wa idadi, wenye zaidi ya hapo uwe wa asilimia.

Ni ucheleweshaji gani usihesabiwe?

Ule ambao msafirishaji hakuusababisha na asingeweza kuuzuia, na ameutolea taarifa siku ileile. Sehemu ya mwisho ni muhimu. Kitonga ikifungwa, dereva atume ujumbe na picha muda huo. Maelezo yanayoletwa wiki tatu baadaye, kwenye kikao cha mwisho wa mwezi, yasipokelewe hata kama ni ya kweli.

Barabara iliyofungwa na mamlaka haihesabiwi. Mteja aliyefunga au aliyekataa kupokea hahesabiwi. Ghala lako kuchelewa kupakia hakuhesabiwi. Wingi uliozidi makadirio mliyopeana, tuseme kwa zaidi ya asilimia 20, shehena za ziada zisihesabiwe.

Pancha na ubovu wa lori unahesabiwa. Hapa msilegee hata kidogo, maana matengenezo ya gari ndiyo kazi unayomlipa. Dereva kuumwa unahesabiwa pia, kampuni ya usafirishaji inatakiwa kuwa na dereva wa akiba. Mvua nayo inabishaniwa kila mwaka. Masika ya Machi hadi Mei hayamshtukizi mtu yeyote anayeishi nchi hii, kwa hiyo mvua peke yake si sababu. Barabara iliyokatika kwa mafuriko ndiyo sababu. Kama mnajua kipande fulani huwa kibaya masika, ongezeni saa kwenye dirisha la miezi hiyo mapema, na baada ya hapo msisikilize habari ya mvua.

Mizani inahitaji sentensi yake. Lori likizuiwa Vigwaza kwa kuzidisha uzito kwenye ekseli, kosa ni la nani? Kama ghala lako lilitoa uzito usio sahihi kwenye hati, ni lako. Kama uzito ulikuwa sahihi na msafirishaji ndiye aliyepanga mzigo ndani ya bodi, au aliongeza mzigo wa mtu mwingine njiani, ni lake. Foleni ya kawaida ya mizani haina kosa la mtu na haitolewi, kwa kuwa ipo kila siku na dirisha liliwekwa likiwa linaijua.

Nani atunze kumbukumbu?

Msafirishaji anakusanya, wewe unahakiki. Hati ya makabidhiano iwe na nafasi ya saa ya kufika getini, saa ya kuanza kushusha na saa ya kumaliza, ikiwa na jina, saini na muhuri wa mpokeaji. Dereva apige picha ya hati hapohapo na kuituma. Ripoti ya jipiesi iwe shahidi wa pili, si wa kwanza, maana inaweza kukuonyesha lori liko mtaa wa mteja bila kukuonyesha kama lilijitambulisha getini.

Kuna vifungu viwili vidogo ambavyo visipowekwa mfumo wote unavuja. Cha kwanza: shehena ambayo hati yake haikurudi ndani ya siku 7 ihesabiwe imechelewa. Bila hicho, hati za shehena zilizochelewa ndizo zitakazopotea, na asilimia itapanda yenyewe. Cha pili: kipimo ni tarehe ya kwanza iliyokubaliwa. Dereva akiona hatawahi, humpigia simu mteja, "Bosi, nakuletea kesho asubuhi, sawa?" Mteja hana la kufanya, anajibu sawa, na kwenye ripoti mzigo unaandikwa umefika tarehe iliyokubaliwa. Tarehe ibadilike tu kama mteja ndiye aliyeomba, na ombi hilo lipite kwako.

Ukitaka kujua kama ripoti unayoletewa imepambwa, chagua shehena kumi bila mpangilio kila mwezi na upige simu kwa wapokeaji. Inachukua muda wa chai.

Mzigo uliofika kwa wakati lakini umepungua?

Upimeni kivyake. Upotevu na uharibifu una fidia yake ya thamani ya bidhaa, na mara nyingi bima ya mizigo iliyo safarini inaingia. Mkiuchanganya na ucheleweshaji, katoni mbili zilizochanika zitageuka ubishi wa asilimia. Unaweza kuwa na kipimo cha pili cha "kwa wakati na kamili," ila adhabu isitozwe mara mbili kwa shehena moja.

Kwa nini adhabu iwe ya kurudia, na si ya kila shehena iliyochelewa?

Kwa sababu mbili. Kuchelewa mara moja moja ni sehemu ya barabara, na ukikata fedha kwa kila moja utatumia muda mwingi kubishana juu ya laki moja. Kinachokuumiza wewe ni mazoea: mteja wa Mbeya anayejua kwamba mzigo wako huchelewa ataanza kuagiza kwa mshindani wako. Halafu kuna upande wa msafirishaji. Faida yake kwa safari si kubwa, na akishaona ameshapoteza fedha ya safari hiyo, hana sababu ya kuliharakisha lori. Atalichelewesha zaidi akashughulikie mzigo wa mtu mwingine.

Ngazi inayomwacha apumue mara ya kwanza na kumbana anaporudia ndiyo inayobadilisha tabia.

Tupe mfano wa ngazi hiyo.

Tuchukue Mbeya, lengo lisizidi shehena 1 iliyochelewa, na ankara ya mwezi ya njia hiyo ni Sh 21,000,000. Kifungu kinaweza kusomeka hivi:

"Mwezi ambao lengo la njia halikufikiwa utahesabiwa kuwa mwezi wa kukosa. Kukosa kwa kwanza ndani ya miezi sita yoyote inayofuatana: Msafirishaji atatoa maelezo ya maandishi ya sababu na hatua za kurekebisha ndani ya siku 5 za kazi. Kukosa kwa pili: punguzo la asilimia 3 ya nauli ya njia hiyo kwa mwezi husika. Kukosa kwa tatu: punguzo la asilimia 6, na Msambazaji ana haki ya kumpa msafirishaji mwingine hadi nusu ya shehena za njia hiyo. Kukosa kwa nne: Msambazaji anaweza kuvunja mkataba wa njia hiyo kwa notisi ya siku 30. Jumla ya mapunguzo ya mwezi mmoja haitazidi asilimia 10 ya ankara ya mwezi huo."

Sasa ifuatilie. Januari zimechelewa 3. Ni kukosa kwa kwanza, hakuna fedha, kuna barua ya maelezo. Februari zimechelewa 2, kukosa kwa pili, punguzo ni Sh 630,000. Machi imechelewa 1, lengo limefikiwa. Aprili zimechelewa 4, kukosa kwa tatu ndani ya miezi sita, punguzo ni Sh 1,260,000 na unaruhusiwa kumjaribu mwingine.

Angalia Machi. Kama kifungu kingesema "miezi mitatu mfululizo," mwezi huo mmoja mzuri ungefuta Januari na Februari, na Aprili ingeanza upya kama kosa la kwanza. Mikataba mingi niliyoisoma imeandikwa hivyo, na msafirishaji akishaielewa anahitaji tu mwezi mmoja safi kila robo mwaka. Hesabu ya "ndani ya miezi sita yoyote" haina mlango huo.

Pia angalia kwamba asilimia inatozwa kwenye nauli ya Mbeya peke yake, si ankara yote. Ukitoza yote, unamwadhibu kwa Morogoro anakofanya vizuri.

Naweza kuweka adhabu kubwa ili aogope?

Unaweza kuiandika, ila usitegemee kuipata. Kwa Tanzania, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema kwamba mkataba uliovunjwa ukiwa na kiasi kilichotajwa, anayedai anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Yaani namba uliyoandika ni dari, si bei. Mahakama inaweza kukupa pungufu. Kenya, ambako sheria ya mikataba inafuata ile ya Kiingereza, kiasi kilichowekwa kwa ajili ya kutisha tu, kisicho na uwiano na hasara, kinaweza kukataliwa.

Kwa hiyo weka kumbukumbu ya jinsi mlivyoifikia ile asilimia 3 au 6: mteja wako anakukata nini ukichelewa, unalipa nini kumtuma mtu au gari la dharura, unapoteza oda ngapi. Karatasi moja inatosha, na iwe imetengenezwa kabla ya kusaini. Na kwenye mkataba wenyewe iiteni "punguzo la nauli kwa huduma pungufu." Jina halibadilishi sheria, ila linaonyesha mnachokusudia, na linamsaidia msafirishaji kuusaini bila kuona amedhalilishwa. Mkataba wenye fedha nyingi upitishe kwa wakili.

Fedha inakatwaje?

Usikate kimyakimya kwenye malipo. Rasimu ya ripoti itoke siku ya tatu ya kazi ya mwezi unaofuata, msafirishaji awe na siku tano za kupinga shehena moja moja kwa ushahidi, na asipopinga ripoti isimame. Baada ya hapo yeye anatoa noti ya punguzo dhidi ya ankara yake, wewe unalipa kilichobaki. Hivyo vitabu vya pande zote vinalingana, na hesabu ya VAT haibaki na pengo ambalo mhasibu wako atalieleza kwa shida wakati wa ukaguzi. Sehemu ya ankara isiyo na ubishi ilipwe kwa tarehe yake. Kushikilia ankara nzima kwa ajili ya ugomvi wa laki sita ni kumnyima mtu fedha ya dizeli, halafu kumlaumu lori halikutoka.

Anadai na yeye apewe bonasi akivuka lengo.

Bonasi ya fedha siishabikii, kwa kuwa kufika kwa wakati ndiyo huduma yenyewe. Kinachofaa ni kurudishiwa: akifikia lengo miezi mitatu mfululizo baada ya punguzo, anarudishiwa nusu ya alichokatwa. Au kumwongezea njia mpya. Wasafirishaji wengi watachagua njia mpya.

Tumekata mara mbili na bado anachelewa. Kwa nini?

Kwa sababu chanzo kiko mahali ambapo punguzo halifiki. Chukua shehena zilizochelewa na upange saa nne kwa kila moja: saa ya kukabidhiwa hati, saa ya kutoka Dar, saa ya kupita Vigwaza, saa ya kufika. Pengo likiwa kati ya hati na kutoka Dar, lori halikuwa barabarani, lilikuwa yadi likisubiri kujazwa mzigo wa watu wengine. Hili ndilo kubwa, hasa njia ndefu, na huzidi pale mafuta yanapopanda na nauli yako ikabaki ileile. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Kama mkataba wako hauna kanuni ya kupandisha na kushusha nauli kufuata bei hizo, msafirishaji atafidia kwa kujaza lori, na wewe utalipa kwa ucheleweshaji. Hapo tiba ni kanuni ya mafuta, si asilimia nyingine 3.

Pengo likionekana kabla hata ya kupakia, yaani lori lenyewe limechelewa kuja ghalani, kuna uwezekano limekwama mkoani likisubiri mzigo wa kurudi. Wekeni kipimo cha pili: lori kufika ghalani kupakia kwa muda uliopangwa. Pengo likiwa njiani tu, tazama umri wa malori na idadi ya madereva.

Sisi tunadaiwa nini?

Makadirio ya shehena kwa kila njia, angalau wiki moja mbele, na mapema zaidi kwa Ramadhani na Desemba. Kumaliza kupakia ndani ya saa tatu tangu lori liingie getini. Gharama ya kusubiri lori likizidisha muda huo, kwako au kwa mteja wako. Na kulipa kwa tarehe. Usipokuwa tayari kupimwa kwa haya, usishangae msafirishaji akija na orodha ndefu ya visivyohesabiwa.

Anawapa mizigo yetu wenye malori wengine. Adhabu inamfika nani?

Yeye. Andikeni kwamba lori la kukodi linahesabiwa kama lake, na kwamba lazima akujulishe namba ya gari na jina la dereva kabla ya kupakia. Kumkataza kabisa si busara, maana Desemba hana malori ya kutosha na wewe unalijua hilo. Ila ukiona ucheleweshaji mwingi uko kwenye magari ya kukodi, una hoja nzuri ya kikao kijacho.

Amekataa adhabu ya aina yoyote. Tufanyeje?

Jaribu kumwachia fedha na ubaki na mizigo. Mkataba usiwe na punguzo, lakini usimwahidi njia nzima: mpe asilimia 70 ya shehena za Mbeya, 30 ziende kwa mwingine, na mgawanyo upangwe upya kila robo mwaka kufuata idadi ya zilizochelewa. Kwa msafirishaji mwenye malori yaliyonunuliwa kwa mkopo, kupungukiwa safari nne kwa mwezi kunauma kuliko Sh 630,000. Na kama hata kupimwa hataki, muulize swali moja tu: lengo gani angeweza kulisaini leo bila wasiwasi? Akikupa namba, hata kama ni 85, mna pa kuanzia. Akikosa namba, hapimi, na basi tafuta nukuu ya bei kutoka kwa mwingine kabla ya kuongeza muda wa mkataba.